Fumbo la Usiku wa Mbalamwezi

Kule Rukuba mwezi ukipevuka kazi ya dagaa ilisimama. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi wanawasha karabai juu ya maji, dagaa wanaifuata nuru, kisha wavu unapitishwa chini yao. Mwezi ukishakuwa mkubwa nuru yake inatapakaa ziwa zima, na dagaa hawana sababu ya kukusanyika penye taa ya mtu. Mvuvi akitoka siku hizo anaunguza mafuta ya taa bure. Basi mitumbwi ya dagaa ilivutwa mchangani, nyavu zikaanikwa na kushonwa, na vijana ambao wiki nzima walilala mchana sasa walikuwa na usiku mzima mikononi wasijue waufanyie nini.

Nazungumzia miaka ya 1990, nilipokuwa mtoto wa kutumwa. Rukuba ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, upande wa Musoma Vijijini. Mtu akitaka hospitali kubwa, soko au barua ya serikali anapanda chombo kwenda Musoma mjini na kushuka Mwigobero. Mwaloni kwetu palisikika Kijita, Kikwaya, Kikerewe na Kijaluo, na wote wakikusanyika walizungumza Kiswahili. Ndiyo maana vitendawili vya usiku wa mbalamwezi vilitegwa kwa Kiswahili. Kila kabila lilikuwa na vyake nyumbani, lakini mchangani ilibidi atakayetega ategee wote.

Shida ya vitendawili vile ni kwamba vilikwisha. Anayetega hakuwa amefika katikati ya sentensi, watoto walishataja jibu, kwa kuwa ni vilevile vya jana na vya darasani. Baba yangu mdogo, ambaye wiki za giza alikuwa mvuvi kama wengine na wiki za mwezi alikuwa mshairi, hilo lilimkera. Alikuwa nacho kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kile kilichotoka mwaka 1954. Nakala yake haikuwa na jalada na aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mwanawe. Alijua pia kwamba washairi wa zamani walitegana mafumbo kwa mashairi: Muyaka wa Mombasa alifanya hivyo kabla ya wazungu kuja na mitambo ya kupiga chapa, na wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, waliendelea kuulizana na kujibizana kwa beti humo.

Lakini mafumbo ya magazetini hayana jibu ndani yake. Mshairi anafunga, anawaachia wenziwe wafungue, na jibu linakuja toleo lijalo au haliji kabisa. Mwaloni hakuna toleo lijalo. Kesho mwezi unapungua, watu wanarudi kazini. Kwa hiyo Baba Mdogo alitaka shairi linalojifungua lenyewe: lifiche kitu tangu neno la kwanza, na neno la mwisho la mstari wa mwisho ndilo liwe jibu. Na kitu chenyewe kiwe cha kawaida kabisa, ambacho kila aliyekaa pale alikigusa wiki ileile. Mimi nilikuwa karani wake, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na wake haukusomeka hata na yeye.

Kitu cha kwanza kilichopendekezwa, na vijana waliotukuta tunaandika, kilikuwa karabai. Kwa juu juu linafaa sana. Linakunywa mafuta, linapuliziwa pumzi kwa pampu, linaita samaki bila sauti, mwezi ukija linalala. Baba Mdogo alilikataa, na sababu aliyotoa nimeikumbuka mpaka leo kwa sababu ilikuwa ya kifundi. Shairi la tarbia lina vina. Mistari ya beti inaishia kwa sauti moja, na jibu likiwa neno la mwisho ndilo linaloamua sauti hiyo. Karabai linaishia kwa -ai. Sasa ukitafuta maneno ya kwenda nalo utapata hai, madai, rai, chai, yai, na ukishayatumia mawili matatu, mvuvi aliyekaa hatua chache kutoka kwenye karabai lake atakuwa ameshamaliza beti kabla yako. Kina ambacho ni haba kinaelekeza kidole. Jibu zuri, alisema, ni lile ambalo kina chake kimejaa kila mahali katika lugha, ili msikilizaji akikisikia asiwaze lolote.

Nikauliza kwa nini tusitumie utenzi, maana mistari yake ni mifupi, mizani nane tu, na shuleni tulishafundishwa. Akacheka. Katika utenzi mstari wa nne wa kila beti unachukua kina kilekile kutoka beti ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo bahari yake. Ukiliweka jibu mwishoni mwa utenzi, basi kina cha jibu umekitangaza tangu beti ya kwanza na kukirudia kila beti. Tarbia inakuruhusu kubadili vina beti kwa beti, aina ile wanayoiita ukaraguni, kwa hiyo kina cha jibu kinaingia mlangoni pamoja na jibu lenyewe, beti ya mwisho, watu wakiwa bado wanahangaika na beti ya pili.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi, na sidhani kama mtu anayeandika mafumbo kwa lugha isiyo na ngeli analijua. Kiswahili kinasengenya. Ukisema tu “kinakunywa”, umeshamwambia msikilizaji kwamba kitu hicho kiko katika kundi la kiti na kikapu. Ukisema “unakunywa”, atawaza mti na mtumbwi. Ndani ya mtumbwi wa dagaa hakuna vitu mia. Ukishampa mvuvi kiambishi cha kwanza, anaweza kuvihesabu vilivyobaki kwa vidole vya mkono mmoja. Vitendawili vingi vya watoto vinakwepa kwa kusema “nyumba yangu” au “babu yangu”, yaani vinakipa kitu jina la kukopa. Baba Mdogo alichagua njia nyingine. Kitu kijisemee chenyewe. “Nakunywa” haina kundi. Anaweza kuwa mtu, mnyama, jiwe, injini, chochote. Shairi zima likawa kwa nafsi ya kwanza, na tukakagua kila mstari kuona kama hakuna kiambishi kilichoponyoka.

Mizani tulihesabu kwa kokoto. Kila silabi kokoto moja, nane upande wa ukwapi, nane upande wa utao, na ile m ya mwanzo inayosimama peke yake, kama katika mgawo au mkononi, ina kokoto yake. Kazi hiyo tuliifanya mchana, kwenye kivuli cha chombo kilichopinduliwa, mama mdogo akipita na kutuuliza kama mashairi yanachemsha ugali.

Usiku wenyewe Baba Mdogo alisimama, akapiga ukelele wa kawaida, “Kitendawili!” Watu wakaitikia, “Tega!” wakitarajia sentensi moja. Yeye akaanza kwa ile sauti ya kughani, taratibu:

Nakunywa sishibi tumbo, kiu haijanitoka,
Ni abiria wa chombo, chini ninakojiweka,
Siimbi na wao wimbo, wala kasia kushika,
Siku ya kuzuka jambo, jina langu hutajika.

Akanyamaza makusudi. Walioruka kwanza walikuwa vijana wa vyombo vya injini. “Injini!” Na ukiangalia, hawakukosea kwa upumbavu. Injini inakunywa petroli haishibi, ni abiria kwa maana inabebwa na chombo, haiimbi, haishiki kasia, na dhoruba ikianza kila mtu anataja jina lake, ama kwa sala ama kwa matusi. Mtu mwingine akasema mlevi, kwa sababu mlevi naye anakunywa na kulala chini, na kila mmoja akamgeukia mlevi wetu wa pale, ambaye aliinama kwa heshima kama aliyepewa cheo. Hayo majibu mawili Baba Mdogo aliyatarajia. Mlevi alimtengeneza kwa neno “nakunywa” na injini kwa neno “chombo”. Beti ya kwanza aliiandika ili iwapeleke huko kwa makusudi, na beti ya pili ili iwafungie mlango:

Natapika hadharani, hapana anichekae,
Kwa mgawo wa mwaloni, hakuna anitajae,
Kamba ninayo shingoni, sina nimkoseae,
Hunitaka taabani, hata bwana aringae.

Mstari wa kwanza bado unamwonyesha mlevi, kisha nusu yake ya pili inamwondoa, maana mlevi akitapika mwaloni watu wanacheka mpaka kesho. Mstari wa pili ndio uliowaua watu wa injini. Siku zile kwetu dagaa wakishauzwa, mafuta yanakatwa kwanza, kisha tajiri wa chombo anachukua sehemu yake na wavuvi yao, na injini ilikuwa na fungu lake linalojulikana, ambalo lilizua ugomvi karibu kila wiki. Kitu ambacho hakitajwi kwenye mgawo hakiwezi kuwa injini. Vijana walinyamaza wenyewe kabla hajaufikia mstari wa tatu.

Mstari wa tatu ukafungua mlango mwingine. Kamba shingoni: mbuzi! Nanga! Mbuzi alianguka mara moja kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtamani mbuzi katikati ya ziwa linalochafuka. Nanga ilikaa zaidi. Ina kamba, iko chini, haipati fungu, na taabani inatakiwa. Wenye nanga waliitetea mpaka mzee mmoja akawauliza nanga inatapika nini. Mama mmoja aliyekuwa akichambua dagaa kwa mwanga wa mwezi, bila kuinua kichwa, akasema, “Hiyo ni ndoo.”

Nilimwona Baba Mdogo akishtuka. Ndoo inakunywa na kutapika, inafungwa kamba, inaingia chomboni, haina fungu. Yule mama alikuwa karibu mno. Kwa utaratibu wa mchezo aliyeshindwa anatoa mji, lakini yeye hakukubali kwamba ameshindwa, na wengine wakaanza kumfuata. Baba Mdogo akafanya jambo la busara: hakusema ndiyo wala hapana, akadai mji. Wakampa Musoma. Akasema Musoma anaiona kila siku akinyoosha shingo, wampe mji wa maana. Wakampa Mwanza. Akaenda Mwanza kwa maneno, akala samaki wa kukaanga, akapanda meli, akarudi amevaa viatu vipya, kila mtu akicheka, na alipofika Rukuba akatoa beti ya tatu moja kwa moja bila kuvuta pumzi:

Kazi nimeizoea, wala sidai malipo,
Dhoruba ikitokea, ukivuma na upepo,
Salama ikirejea, nitupwapo ndipo nipo,
Msizidi kungojea, jina langu ndilo kopo.

Kopo. Lile kopo la bati, aghalabu kopo kubwa la mafuta ya Kimbo lililokwisha, ambalo kila mtumbwi ulikuwa nalo kwa ajili ya kukumba maji yanayoingia chini. Mbao za mtumbwi hazizibi kabisa. Hata ukipachika pamba na lami kwenye viungo, maji yanapenya, na wimbi likipanda ukingoni yanaingia mengi kwa mara moja. Mtu mmoja kazi yake ni kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, wakati wenzake wanapiga kasia au kuvuta wavu. Kopo linatobolewa tundu karibu na mdomo na kufungwa kamba kwenye ubavu wa chombo, lisije likachukuliwa na wimbi wakati ambapo ndilo linalohitajika. Hapo ndipo mistari yote ilipokaa mahali pake: linakunywa lisishibe kwa kuwa linamwaga; linatapika mbele za watu na kila mmoja anafurahi; na likishafika nchi kavu linatupwa mchangani hadi kesho.

Kwa kawaida fumbo likishajulikana watu wanasahau walivyofika. Kilichonifurahisha usiku ule ni kwamba walilirudia kinyumenyume. “Chini ninakojiweka” wakaikagua: ndiyo, liko chini, kwenye maji yanayojikusanya. “Wala kasia kushika”: kweli. “Hata bwana aringae”: mmoja akamtaja kwa mzaha tajiri fulani aliyewahi kuonekana akikumba maji mwenyewe huku kanzu imemlowa, na kila mtu akajua ni nani. Mstari hata mmoja haukuonekana kuwa wa uongo. Hilo Baba Mdogo alilipima kuliko makofi. Kama wangepata mstari mmoja tu usio kweli kwa kopo, fumbo lingekuwa hila, na wangekuwa na haki ya kumdai mji wao.

Yule mama wa ndoo hakuridhika upesi. Alitaka kuelezwa kwa nini si ndoo. Hoja ya kwanza aliyopewa ni mstari wa tatu wa beti ya mwisho: ndoo haitupwi mchangani, ndoo inarudi nyumbani kichwani kwa mtu kwa kuwa ina kazi nyingine. Akakubali nusu. Hoja ya pili ni kina: malipo, upepo, nipo, ndoo haiwezi kuingia hapo. Akasema kina si ushahidi, ni mapambo. Walibishana kwa raha. Naona alikuwa na haki kidogo: beti mbili za kwanza zinaikubali ndoo, na mtunzi makini angeifunga mapema. Lakini kina ni ushahidi. Katika shairi la namna hii sauti ya mwisho ni mzani wa jibu, na jibu lisilokaa kwenye mizani na kina si jibu hata kama linaelekea ukweli.

Mwingine wa kukumbukwa ni kijana mdogo kuliko wote katika chombo cha Baba Mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kukumba maji. Tangu beti ya pili alikuwa anatabasamu na hakusema neno. Alipoulizwa kwa nini hakutaja jibu akajibu kwamba alitaka kusikia wataliitaje. Kwa mizani ya vitendawili vya watoto hilo ni kushindwa kwa mtegaji, mtu amejua kabla ya wakati. Baba Mdogo aliliona kinyume. Alisema fumbo ambalo hata mwenye kitu hicho mkononi hawezi kulijua halikuandikwa juu ya kitu hicho.

Kesho yake nilikuwa na karatasi yenye mistari iliyokatwa, na naikumbuka zaidi kuliko shairi safi, kwa hiyo niseme kidogo yaliyokatwa.

Mstari wa nne wa beti ya kwanza ulianza ukiwa “Maji yakizua mambo, jina langu hutajika.” Mizani kamili, vina kamili, na maana nzuri. Uliondolewa kwa sababu ya neno la kwanza. Ukiwa umeshasema “nakunywa” juu, ukaja ukataja maji chini, msikilizaji ana vipande viwili na anaweza kuviunga. Badala yake ikawa “Siku ya kuzuka jambo”, ambayo inasema taabu bila kusema taabu gani. Neno maji halimo katika shairi zima, ingawa shairi zima ni la maji. Ukitaka kujua kama fumbo lako limefichwa vizuri, tafuta neno moja ambalo ungelitumia mara nyingi kama ungekuwa unakieleza kitu hicho kwa mgeni, kisha uone kama unaweza kuliondoa kabisa na mistari bado ikasimama.

Palikuwa na mstari mwingine, “Sina moyo sina damu”, ambao mimi niliupenda kwa mlio wake. Ulikatwa bila huruma. Jiwe halina moyo, kasia halina damu, jembe vilevile. Ukanusho unaokubaliana na kila kitu duniani haumsaidii anayetafuta wala haumpotezi. Unajaza tu mizani. “Siimbi na wao wimbo” nao ni ukanusho, lakini una kazi: unawaondoa wavuvi wenyewe, ambao ndio watu wa kwanza utakaowafikiria ukisikia abiria wa chombo. Kuanzia hapo nikisoma mafumbo ya watu naangalia kwanza yale “sina” na “si” yao, na mara nyingi nayakuta ni makokoto ya kujazia.

Kisha jibu lenyewe. Mara ya kwanza aliliweka ukwapini, “Kopo ndilo jina langu”, halafu utao ukafuata na maneno ya kumalizia. Aliighani hivyo kwa mama mdogo tukiwa nyumbani. Alipotamka kopo, mama mdogo alicheka na kusema “Kumbe!” na zile mizani nane zilizobaki zikamezwa na kicheko, hakuna aliyezisikia. Ikabidi beti nzima ipinduliwe ili kopo liwe silabi mbili za mwisho. Kuipindua kulimlazimu atafute vina vitatu vya -po vinavyobeba maana, na hapo ndipo wepesi wa kina hicho ulipolipa: malipo, upepo na nipo ni maneno ambayo mvuvi anayatamka kila siku, na hakuna hata moja linalonuka bati. Pia aliandika kwanza “jina langu mimi kopo” kisha akabadili kuwa “ndilo”. Mizani ni ileile. Lakini “ndilo” linakaza kauli na kumwambia msikilizaji kwamba jibu linakuja, na limewekwa papo hapo kabla ya neno lenyewe, pale ambapo kufichua ndiyo kazi.

Nililipeleka shairi shuleni, likabandikwa ukutani kwa muda. Darasa la pili walilielewa, mwalimu aliyetoka bara alilipata kwa shida, kwa sababu kwao kopo ni la kuchotea maji mtungini na halina kamba. Huo ndio mpaka wa fumbo la kitu cha kawaida: ni cha kawaida mahali pake.

Siku hizi mpaka huo umefika Rukuba yenyewe. Makarabai mengi yameachia nafasi taa za betri na za sola, na kopo la bati limeachia nafasi dumu la plastiki lililokatwa ubavuni, lenye mkono wake wa kushikia na shingo ya kufungia kamba bila kutobolewa. Kazi ni ileile, ngeli ileile, na silabi ni mbili vilevile. Beti ya kwanza na ya pili zinaweza kubaki kama zilivyo, na ile kamba shingoni sasa ni kweli zaidi. Ya tatu ndiyo inayotaka kuandikwa upya kwa kina cha -mu, na -mu imejaa tele: zamu, hamu, salamu, kalamu, hukumu. Baba Mdogo hatungi tena. Msomaji mwenye kokoto nane kila mkono na aijaribu, ila achunge asitaje maji.